Acha, anza, endelea: jinsi ya kukagua mwaka wa chama chenu kwa taarifa ya simu

Vyama vingi hufanya mkutano wa mwaka mwezi wa Desemba. Wanachama hugawana hela, hula, kisha kila mtu huenda zake. Kwa Kitui na Makueni, tarehe hiyo haifai kwa kupanga. Mvua ambayo wakulima wa huku huitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Kwa hivyo mwezi wa Desemba ndengu bado ziko shambani, maembe ndiyo yanaanza kuiva, na pesa ya msimu haijaonekana kwenye simu ya mtu.

Afadhali mwaka wa hesabu uanze Septemba 1 na uishe Agosti 31. Hapo misimu yote miwili imeshavunwa na kuuzwa, na bado mna wiki kadhaa za kuamua kabla ya mvua ya Oktoba.

Kwanza, toa taarifa ya miezi 12

Kama pesa za chama hupitia M-PESA, mweka hazina apige *334#, aingie kwenye akaunti yake na aombe taarifa. Itatumwa kwa barua pepe ikiwa imefungwa, na nambari ya kuifungua itakuja kwa ujumbe mfupi. Nambari hiyo siyo PIN. PIN haiombwi na mwenyekiti, haiombwi na mkaguzi, na haitolewi mkutanoni.

Safu mbili ndizo mtazitumia zaidi: Paid In, yaani pesa iliyoingia, na Withdrawn, yaani pesa iliyotoka. Msiende mbio kusoma jumla ya mwisho, kwa sababu jumla ya Paid In haimaanishi faida. Ndani yake mna pesa za aina tatu: akiba ya wanachama, ambayo ni yao wenyewe, mkopo uliorudishwa, ambao ni mtaji wenu uliotoka ukarudi, na mapato halisi, kama riba, kodi na mauzo. Chukueni kalamu za rangi tatu mtie alama kila mstari. Halafu ongezeni zile zilizolipwa mkononi, kama nauli ya bodaboda na kibarua, maana hizo hazimo kwenye simu.

Mfano wa kikundi kimoja

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama 20 karibu na Wote. Tumeutunga ili kuonyesha hesabu. Wana shughuli tatu.

Ya kwanza ni tebo benking, yaani wanachama kukopeshana. Wameweka humo shilingi 200,000. Riba ya mwaka ni 36,000, na mwanachama mmoja ameshindwa kulipa 6,000. Wamebaki na 30,000.

Ya pili ni hema na viti vya kukodisha, walivyonunua kwa 180,000. Kodi iliyoingia ni 54,000. Gari la kubeba limekula 27,000, ukarabati 9,000, na mtunza stoo 12,000. Jumla ya gharama ni 48,000, kwa hivyo kimebaki 6,000 tu.

Ya tatu ni ndengu. Februari, wakati wa mavuno bei ikiwa chini, walinunua magunia 20 ya kilo 90 kwa shilingi 80 kwa kilo. Hiyo ni 144,000. Agosti waliuza kwa 110 kwa kilo, lakini magunia mawili yalikuwa yameliwa na wadudu wa ghala. Magunia 18 yalileta 178,200. Ukitoa mtaji na gharama za usafiri na stoo za 10,200, kinabaki 24,000.

Sasa linganisheni faida na mtaji. Katika kila shilingi 100 iliyowekwa, tebo benking imeleta 15, hema na viti karibu 3, na ndengu karibu 17. Tena pesa ya ndengu ilikaa kazini miezi sita tu.

Kuamua la kuacha

Hapa ndipo mkutano huwa mgumu. Kila mtu ameona hema likienda harusini na matangani, na simu ya mweka hazina ilikuwa ikilia kila wikendi. Lakini kazi nyingi siyo faida nyingi. Swali la kuuliza ni hili: kama leo hatungekuwa na hema, tungetoa 180,000 kulinunua? Kama jibu ni hapana, kuendelea nalo ni mazoea tu.

Kuacha pia si lazima kuwe kutupa. Kikundi hiki kinaweza kuuza hema na viti, au kumkodishia mtu mmoja kwa kodi ya mwezi, naye agharamie gari na ukarabati mwenyewe.

Kuamua la kuendelea na la kuanza

Tebo benking iendelee, ila yule mmoja aliyeshindwa kulipa asipuuzwe. Angalieni kwenye taarifa alianza kuchelewa mwezi gani. Mara nyingi malipo huanza kupungua mapema kabla hayajakatika kabisa, na hapo ndipo pa kuongea na mwenzenu.

Ndengu nazo ziendelee, kwa namna mpya. Magunia mawili yaliyoliwa yangeuzwa 19,800, karibu sawa na faida yote waliyopata. Kwa hivyo jambo la kuanza si biashara nyingine. Ni kuhifadhi ndengu zilizokauka vizuri kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa hewa. Mfuko ukitoboka haufanyi kazi tena, kwa hivyo ukaguliwe kabla ya kujazwa.

Anzeni jambo moja, au mawili kwa wingi. Mkianzisha matano, Agosti ijayo hamtajua lipi lilileta faida na lipi liliila.

Je, ni kazi yenu au ni mvua?

Mwaka mmoja unaweza kudanganya. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika sehemu kubwa ya maeneo makavu ya Kenya. Kikundi kilichohesabu wakati huo kingeona wakopaji wengi wakichelewa, hata kama kilikuwa na utaratibu mzuri. Vivyo hivyo, bei ya ndengu ikipanda kwa sababu mavuno yalikuwa haba, faida hiyo haitajirudia mvua ikinyesha vizuri.

Kwa hivyo kabla ya kukata shauri, ulizeni vikundi vya jirani. Kama wote walipata hasara, huenda sababu ni msimu, mpeni mwaka mwingine. Kama ni nyinyi peke yenu, kosa liko ndani. Hema la mfano wetu lilikodishwa mwaka mzima na bado halikuleta kitu. Hapo mvua haina lawama.

Andikeni kwenye kitabu cha kumbukumbu

Kila uamuzi uwe na mtu wa kuutekeleza, tarehe, na alama ya kujua umefaulu. Kwa mfano: "Mweka hazina atanunua mifuko 20 kabla ya Januari 31. Tukipoteza zaidi ya gunia moja, tutapunguza ununuzi hadi magunia 10." Kiwango hicho kiwekwe sasa, kabla matokeo hayajaja. Mkingoja Agosti ijayo, kila mtu atakuja na sababu yake, na mtabishana mpaka mvua iwakute hapo hapo.