Kiini Huganda Kabla ya Ute

Anayependa yai la kuchemsha lenye ute mgumu na kiini kinachotiririka anadai jambo gumu kuliko anavyodhani, kwa sababu kiini huganda mapema kuliko ute.

Ute una protini za aina nyingi, na kila moja ina joto lake. Ya kwanza kuganda huanza kwenye nyuzijoto 61 hivi za Selsiasi, na hapo ute hugeuka mweupe lakini bado unatetemeka. Protini iliyo nyingi kuliko zote, ambayo ni zaidi ya nusu ya protini za ute, hungoja mpaka nyuzi 80 ndipo ishikane sawasawa. Kiini kimekaa katikati ya hizo mbili. Kwenye nyuzi 65 huanza kuwa kizito, na kikifika 70 hakimwagiki tena.

Wajapani wana yai liitwalo onsen tamago, ambalo tangu zamani hupikwa polepole kwenye chemchemi za maji moto zenye nyuzi 65 hadi 70. Ukilipasua, kiini kimeshikana kama malai na ute umebaki teketeke. Ni tamu, lakini silo yai analotaka mtu wa kuchovya mkate.

Huyo wa mkate husaidiwa na haraka. Maji yanayochemka hupasha ute kwanza, nao ndio unaokizunguka kiini. Yai la ukubwa wa kawaida, likitoka kwenye friji na kutumbukizwa kwenye maji yanayotokota, huhitaji kama dakika sita. Ute unakuwa umepita 80, na kiini hakijafika 65. Litoe papo hapo ulitie kwenye maji baridi, maana joto lililomo kwenye ute huendelea kusafiri kwenda ndani hata sufuria ikiwa imeepuliwa.

Dakika hizo sita ni za Mombasa au Dar es Salaam. Nairobi, iliyo mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94, kwa hiyo ongeza kama nusu dakika.

Yai linalopikwa bila ganda lina kero nyingine: ute mwepesi unaotawanyika majini kama nyuzi. Siki husaidia kidogo. Mimi naona chujio ni bora: vunjia yai humo, ute mwepesi udondoke, kisha teremsha lililobaki kwenye maji yanayofuka mvuke bila kutokota, nyuzi 80 hadi 85, kwa dakika tatu au nne. Maji yakitokota yataupasua ute kabla haujashika.

Kiini kinachotiririka hakijapata joto la kutosha kuua vijidudu vya salmonela. Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa wapewe yai lililoiva mpaka ndani.