Ngazi ya Masultani na Daladala la Krebs

Mzee Bakari kamwita Asha; Hamisi kahamaki, Halima akacheka, Kibwana akaondoka jioni.

Usiitafutie sentensi hii maana. Chukua herufi ya kwanza ya kila neno, utapata M, B, K, A, H, K, H, A, K, A, J. Hao ni masultani kumi na mmoja waliotawala Zanzibar baada ya Seyyid Said bin Sultan, kuanzia Majid mwaka 1856 hadi Jamshid, aliyepinduliwa Januari 1964. Sentensi za namna hii hutungwa na wanafunzi kila mahali, na sababu yake inaeleweka: ukiisema mara chache tu imeshakaa kichwani.

Tatizo huja siku unapoihitaji. Unaandika M, Majid. Unaandika B, Barghash. Kisha unafika kwenye K, na hapo kalamu inasita. Ni Khalifa bin Said, Khalid bin Barghash au Khalifa bin Harub? A nazo ni tatu: Ali bin Said, Ali bin Hamud na Abdullah. H ni mbili, Hamad na Hamud, majina yanayopishana kwa irabu moja tu. Katika herufi kumi na moja, zinazojitegemea ni M, B na J peke yake. Nane zilizobaki zinakurudishia swali lile lile ulilotaka kulikimbia.

Herufi humsaidia mtu ambaye majina anayo tayari, akakosa mpangilio tu. Haimwambii kwa nini fulani alikuja baada ya fulani. Kazi hiyo hufanywa na hadithi, na ubora wake umewahi kupimwa. Mwaka 1969 Gordon Bower na Michal Clark wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanafunzi orodha kumi na mbili, kila moja ikiwa na maneno kumi yasiyohusiana. Kundi moja liliambiwa lifume kila orodha kuwa kisa. Kundi la pili lilipewa muda ule ule, likasoma kwa njia lililoizoea. Walipoulizwa papo hapo baada ya kila orodha, makundi yote mawili yalifanya vizuri, karibu bila kukosea. Tofauti ilijitokeza mwishoni, walipotakiwa kuzirudia orodha zote kumi na mbili kwa mpangilio wake. Waliotunga visa walikumbuka kama asilimia 93 ya maneno. Wenzao walikumbuka kama asilimia 13.

Yule anayejisikiliza mara tu baada ya kusoma hudhani njia zote ni sawa. Orodha zinapoanza kurundikana ndipo zinapogongana, na kisa ndicho kinachoizuia orodha moja isimwagikie nyingine.

Wanafunzi wa Stanford walilazimika kubuni visa kwa sababu maneno yao hayakuwa na uhusiano wowote. Masultani wa Zanzibar wana uhusiano tayari: ni ukoo mmoja. Kwa hiyo badala ya kubuni kisa cha Mzee Bakari na Asha, tuupange utawala kwa vizazi, tukihesabu kutoka kwa Seyyid Said: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza.

Wana walikuwa wanne, ndugu wa baba mmoja wakipokezana: Majid, Barghash, Khalifa, Ali. Majid alipewa Zanzibar wakati kaka yake Thuwaini akibaki na Omani. Barghash alijaribu kumpindua Majid mwaka 1859, akashindwa na kupelekwa Bombay, kisha akarudi na kurithi kwa amani Majid alipofariki mwaka 1870. Yeye ndiye aliyefunga soko la watumwa mwaka 1873 na kujenga Beit al Ajaib. Khalifa hakukaa sana, kuanzia 1888 hadi 1890. Ali akashika nafasi yake, na mwaka huo huo wa 1890 Zanzibar ikaingia chini ya himaya ya Waingereza.

Ali alipofariki mwaka 1893 zamu ikawa ya wajukuu, nao ni watatu, kila mmoja kutoka kwa baba tofauti: Hamad bin Thuwaini, Khalid bin Barghash, Hamud bin Mohammed. Hapa ndipo penye mzozo, na mzozo haujifichi katika kumbukumbu. Hamad alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Khalid akaingia kasri siku hiyo hiyo bila ridhaa ya Waingereza, waliomtaka Hamud. Tarehe 27 manowari zao zikalipiga kasri, na vita vikaisha bila kutimiza saa moja. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, Hamud akatawazwa. Mwenye kuchanganya Hamad na Hamud akumbuke irabu alizofundishwa darasa la kwanza: a, e, i, o, u. Mwenye a alitangulia, mwenye u alifuata, na mizinga ililia katikati yao.

Vitukuu ni wawili. Ali bin Hamud alimrithi baba yake mwaka 1902, akajiuzulu mwaka 1911. Akafuata shemeji yake, Khalifa bin Harub, ambaye babu yake ni Thuwaini yule yule wa Omani. Huyu alitawala hadi 1960, karibu nusu ya kipindi chote tunachokizungumzia. Kilembwe ni mmoja, mwanawe Abdullah. Kilembwekeza naye mmoja, Jamshid bin Abdullah, aliyekalia kiti miezi michache tu hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Wanne, watatu, wawili, mmoja, mmoja. Sijui kama kuna orodha nyingine ya watawala inayojipanga vizuri namna hii, na ukishaiona ngazi hiyo huwezi tena kuwachanganya akina Khalifa wawili: mmoja ni mwana, mwingine ni kitukuu.

Ngazi hii ina faida nyingine, ya kukukamata ukikosea. Kosa ambalo kisa chochote cha ukoo hulialika ni kumweka Khalid mara tu baada ya Barghash, kwa kuwa akili yetu hupenda mtoto amfuate baba. Lakini Khalid ni mjukuu, na Barghash alipofariki mwaka 1888 wana wawili wa Said, Khalifa na Ali, walikuwa bado hawajatawala. Ukiandika Khalid hapo, hesabu ya wanne inavunjika. Sentensi ya Mzee Bakari isingekustua, maana K ni K.

Kuna kitu ambacho ngazi haikibebi: miaka. Usijaribu kuning'iniza tarehe kwenye kila jina, kisa kitakuwa kizito hadi kikatike. Shika nguzo tatu, 1856, 1896 na 1964. Nguzo ya kati ni mwaka wa vita, na kutoka nguzo ya kwanza ni miaka arobaini kamili. Miaka mingine ukiisahau, utajua angalau ipo kati ya nguzo zipi.

Tuhamie maabara, maana ugonjwa wa herufi uko huko pia. Mzunguko wa Krebs ni mfuatano wa hatua ambazo seli hupitia kutoa nishati katika chakula, na umepewa jina la Hans Krebs, aliyeueleza mwaka 1937 na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1953. Vitu vyake vinane kwa mpangilio ni sitrati, isositrati, alfa-ketoglutarati, saksinili-KoA, saksinati, fumarati, malati na oksaloasetati. Ukitunga sentensi ya herufi utajikuta na S tatu, mbili kati yake zikiwa zimefuatana, na hazitakuambia ipi ni ipi.

Tafuta badala yake kitu kinachoweza kuhesabika ndani ya mfuatano wenyewe, kama tulivyohesabu vizazi. Kwa Krebs ni atomu za kaboni. Piga picha daladala dogo lenye abiria wanne, ambalo ni oksaloasetati. Kituoni wanapanda wawili kutoka asetili-KoA, wanakuwa sita: hiyo ni sitrati, na jina lake linaanza kama sita. Katika isositrati idadi ni ile ile, ila kuna kifurushi cha oksijeni na hidrojeni kimehamishwa kiti. Kisha abiria mmoja anashuka kama kaboni dioksidi, wanabaki watano, alfa-ketoglutarati. Anashuka wa pili, wanabaki wanne, na gari linaondoka na konda mgeni amening'inia mlangoni: saksinili-KoA, KoA ikiwa ndiye konda. Konda anaruka, imebaki saksinati. Kutoka hapo hapandi wala hashuki abiria, ni mizigo tu. Saksinati inapoteza hidrojeni mbili na kuwa fumarati. Fumarati inapewa maji na kuwa malati, ma kwa ma. Malati inapoteza hidrojeni mbili, na oksaloasetati iko tena kituoni ikisubiri wawili wengine.

Sita, sita, tano, nne, kisha nne hadi mwisho. Mwanafunzi aliyeandika alfa-ketoglutarati baada ya saksinati atajiona mwenyewe kwamba kaboni zimepanda kutoka nne hadi tano bila kituo cha kupandia.

Daladala hili lisitumike kwa njia nyingine. Ukilipakia pia glikolisisi, inayoanza na glukosi yenye kaboni sita, abiria wa safari mbili watachanganyika na utapoteza zote. Glikolisisi itafutie kisa chake, mahali pengine kabisa. Wala daladala halielezi kwa nini seli inazitaka zile hidrojeni, ambazo ndizo zinazobeba nishati kwenda hatua inayofuata. Hilo ni somo linalojitegemea, na anayekariri mpangilio bila kulisoma atakwama kwenye swali la kwanza linaloanza na "eleza".

Hatari kubwa ya kisa chochote ni kwamba kinajua kwenda mbele tu. Anayekitegemea huanza kwa Majid kila anapoulizwa, hata akiulizwa kuhusu Abdullah, kama mtu asiyeweza kutaja herufi inayotangulia R bila kuimba alfabeti yote. Kwa hiyo usijipime kwa kukisimulia kuanzia mwanzo. Acha siku mbili zipite, kisha chukua karatasi na uanzie katikati: nani alitangulia Hamud? Kabla ya malati kuna nini? Andika masultani kinyumenyume kutoka Jamshid. Ukikwama, angalia umekwamia kwenye kizazi kipi, urekebishe kipande hicho tu cha kisa, maana kurudia hadithi nzima kwa ajili ya ngazi moja iliyolegea ni kupoteza muda.