Kusukuma Kusikotoa Choo

Wapo watu wanaokula mboga za majani kila siku, wanaokunywa maji ya kutosha na waliokwisha kujaribu kila dawa ya kulainisha choo, lakini bado hukaa chooni nusu saa nzima wakijikamua. Kinyesi kipo, na mara nyingi ni laini. Wanakihisi pale chini kabisa, ila hakitoki, au hutoka kidogo kidogo na kuacha hisia kwamba kingine kimebaki. Baadhi yao hulazimika kujisaidia kwa kidole. Hilo hawamwambii hata mwenzi wao, na daktari naye halisikii asipouliza.

Kwa wengi wa watu hawa tatizo haliko kwenye chakula wala kwenye utumbo wenyewe. Liko kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoufunga mwili kwa chini kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Mmoja wa misuli hiyo umeizunguka rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, kwa umbo la kitanzi. Muda wote huivuta kuelekea mbele na kuipinda, na kona hiyo ndiyo husaidia kuzuia haja isitoke ovyo. Mtu mwenye afya anapotaka kwenda haja, mambo mawili hutokea kwa pamoja: tumbo husukuma kuelekea chini, na kitanzi hulegea ili kona inyooke na njia ifunguke.

Mwenye tatizo hili hufanya kinyume. Kila anaposukuma, kitanzi na misuli ya mlango wa haja kubwa hukaza, au hukataa kulegea. Kadiri anavyoongeza nguvu, ndivyo njia inavyozidi kubana. Mwaka 1985, madaktari Preston na Lennard-Jones wa Hospitali ya St Mark's, London, waliieleza hali hiyo kwa wagonjwa waliokuwa wamekosa choo kwa miaka, na tangu hapo uchunguzi wake umeendelea kuboreshwa. Mara nyingi mgonjwa hajui kwamba anajifunga mwenyewe. Wapo walioanza baada ya kujifungua au baada ya kuumia mgongo, wapo waliozoea tangu utotoni kuzuia haja kwa hofu ya maumivu, na kwa wengi chanzo hakijulikani.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Daktari huvaa glavu, huingiza kidole kilichopakwa mafuta katika njia ya haja kubwa na kuweka mkono mwingine juu ya tumbo. Humwambia mgonjwa abane, kisha asukume kana kwamba yuko chooni. Tumbo likikaza huku kidole kikibanwa badala ya kuachiwa, jibu limeanza kuonekana. Ni dakika chache tu, na inasikitisha kwamba wagonjwa wengi hupewa dawa miaka na miaka bila mtu yeyote kuwapima hivyo.

Penye vifaa, hufuata vipimo viwili. Katika cha kwanza, puto dogo huingizwa kwenye rektamu na kujazwa mililita 50 za maji, kisha mgonjwa huachwa faraghani alitoe akiwa amekaa chooni. Kwa kawaida hutoka ndani ya dakika moja hivi. Katika cha pili, mrija mwembamba wenye vihisio hupima shinikizo sehemu mbili kwa wakati mmoja: ndani ya rektamu na kwenye mlango wake.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 34. Anaposukuma, shinikizo la rektamu linapanda hadi milimita 60 za zebaki, kwa hiyo nguvu ya kutosha anayo. Lakini mlango, uliokuwa kwenye 70 alipopumzika, badala ya kushuka unapanda hadi 110. Puto nalo, dakika tatu zimepita na halijatoka. Majibu hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja, kwa sababu watu wengi wasio na shida yoyote hukaza misuli wakiambiwa wasukume wakiwa wamelala ubavu mbele ya mgeni. Mrija peke yake unaweza kudanganya.

Tiba ya mama huyu inaitwa bayofidibaki. Kihisio kikishawekwa, mistari miwili huonekana kwenye skrini, mmoja wa rektamu na mwingine wa mlango wake, na kwa mara ya kwanza anaona kinachotendeka pale anaposukuma. Mtaalamu haanzi kwa kumwambia asukume. Anamfundisha kwanza kuvuta pumzi hadi tumbo litanuke, kisha kuligandamiza taratibu bila kuzuia pumzi kooni na bila kutumia nguvu zote. Huku akitazama skrini, anatafuta namna ya kuushusha mstari wa mlango wakati wa rektamu ukipanda. Mara nyingi katika kikao cha kwanza haufuati, kwa sababu misuli aliyozoea kuikaza hata haihisi. Ukishuka japo kidogo, mtaalamu humwambia palepale akumbuke mwili wake ulivyokuwa wakati ule.

Baadaye puto lenye maji hurudi, safari hii kwa mazoezi: mgonjwa husukuma huku mtaalamu akilivuta polepole ili ajue haja inapotoka huhisiwaje. Wale ambao rektamu imepoteza hisia hufundishwa kutambua puto likijazwa kiasi kidogo zaidi kila mara. Vikao huwa vitano au sita, kila wiki au kila wiki mbili. Nyumbani mgonjwa huenda chooni baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo unapoamka, akiweka miguu juu ya kigoda ili magoti yapite nyonga, na haja ikikataa anainuka baada ya dakika tano. Choo cha kuchuchumaa tayari kina mkao huo, lakini mkao peke yake haufungui misuli inayokaza.

Ushahidi wake ni mzuri kuliko wa tiba nyingi za tumbo. Nchini Italia, Giuseppe Chiarioni na wenzake waliwagawa wagonjwa 109 wa aina hii katika makundi mawili. Wamoja walipata vikao vitano vya bayofidibaki, wengine dawa ya kulainisha choo pamoja na ushauri. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 80 ya kundi la kwanza walikuwa na nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 22 ya waliotumia dawa, na nafuu hiyo bado ilikuwepo miaka miwili baadaye.

Lakini haimfai kila aliyefunga choo. Mwaka 2005 Chiarioni alitoa mafunzo hayohayo kwa watu ambao utumbo wao ulisafirisha kinyesi polepole. Wenye misuli inayokaza walipata nafuu kwa asilimia 71, na wale wenye utumbo mzito tu, asilimia 8. Ndiyo maana vipimo hutangulia. Na anayetoa damu, anayekonda bila sababu au ambaye choo chake kimebadilika ghafla akiwa na umri mkubwa, achunguzwe utumbo mpana kwanza, kwa sababu mafunzo ya misuli hayaondoi uvimbe.

Mashine hizi ni chache, na hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina. Hata hivyo mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa misuli ya nyonga anaweza kutumia kidole chake mahali pa kihisio na sauti yake mahali pa skrini: sasa umebana, sasa umeachia, rudia hivyohivyo. Anayekwenda kliniki na aeleze waziwazi mambo matatu: kwamba kinyesi ni laini lakini hakitoki, muda anaokaa chooni, na kama hutumia kidole. Maelezo hayo ndiyo humfanya daktari avae glavu kabla ya kuandika dawa nyingine.