Nani Afanye Nini, kwa Shilingi Ngapi: Lugha ya Tangazo la Wakala wa M-PESA

Tangu M-PESA ilipozinduliwa nchini Kenya mnamo Machi 2007, kibanda cha wakala kimekuwa mahali ambapo Kiswahili cha maandishi hupimwa kila siku. Mteja asiyewahi kutumia huduma hii hufika akiwa na simu mkononi na shaka moyoni. Kabla ya kuuliza lolote, yeye husoma kilichobandikwa ukutani. Makala hii inakusudia kueleza jinsi tangazo hilo linavyoweza kuandikwa ili mteja wa aina hiyo ajue atakatwa kiasi gani na ni nani atakayefanya kila hatua. Tutajifunga kwenye kitendo kimoja tu, yaani kutoa pesa kwa wakala.

Hebu tuchukue mfano wa tangazo la kubuni ambalo mfano wake si mgeni kwa msomaji: "Huduma za kutoa na kuweka pesa zinapatikana hapa. Kitambulisho kionyeshwe, nambari ya siri iingizwe na pesa itatolewa. Ada ya kawaida itatozwa." Kisarufi, tangazo hili halina dosari. Hata hivyo, kwa mteja mgeni, lina kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni utata wa vitenzi. Kitenzi "toa" kina maana ya kuondoa kitu ndani ya kingine, na pia maana ya kumpa mtu kitu. Aliyezoea huduma hii huelewa kwamba "kutoa pesa" ni kuiondoa kwenye akaunti ili aipokee mkononi. Mgeni naye aweza kudhani kwamba yeye ndiye anayetakiwa kumpa wakala pesa. Kitenzi "weka" kina tatizo kama hilo: mtu huweka pesa kwenye akaunti, na papo hapo huambiwa "weka nambari". Suluhisho si kubuni istilahi mpya. Yatosha kuandika "Kutoa pesa: akaunti yako inapungua, wewe unapokea pesa taslimu", na kwa upande wa pili, "Kuweka pesa: unampa wakala pesa taslimu, akaunti yako inaongezeka". Kuhusu nambari, tutumie "andika", ili "weka" libaki na kazi moja tu katika tangazo zima.

Kasoro ya pili, ambayo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, ni kauli ya kutendwa. "Nambari ya siri iingizwe." Iingizwe na nani? Kauli ya kutendwa humficha mtenda, na mtenda anapofichwa, mteja mgeni hunyosha mkono na kumkabidhi wakala simu pamoja na nambari yake ya siri. Ilhali katika kutoa pesa, wakala haihitaji nambari hiyo hata kidogo. Mteja huiandika mwenyewe kwenye simu yake mwenyewe. Kwa hivyo kila hatua ianze kwa kumtaja mtenda, na kitenzi kiwe katika kauli ya kutenda:

1. Wewe: mwonyeshe wakala kitambulisho chako halisi, umwambie kiasi unachotaka.
2. Wewe: fungua M-PESA kwenye simu yako, uchague Withdraw Cash.
3. Wewe: andika nambari ya wakala iliyo kwenye tangazo hili, kisha kiasi. Zisome tena kabla ya kuendelea.
4. Wewe peke yako: andika nambari yako ya siri. Usimtajie wakala. Usimpe simu akuandikie.
5. Wewe na wakala: subirini ujumbe kutoka MPESA. Kila mmoja atapata wake.
6. Wakala: atakupa pesa. Zihesabu kabla ya kuondoka.

Maneno Withdraw Cash yameachwa jinsi yanavyosomeka kwenye menyu ya Kiingereza, kwa kuwa mteja atalinganisha tangazo na kioo cha simu herufi kwa herufi. Anayetumia menyu ya Kiswahili aandikiwe maneno ya menyu hiyo. Ni muhimu pia kutaja kwamba jina la duka aghalabu si jina linalotokea kwenye ujumbe. Mteja anayesoma jina moja ukutani na jingine kwenye simu huhisi ameibiwa. Basi chini ya nambari ya wakala paandikwe: "Jina utakaloliona kwenye ujumbe ni hili", likifuatwa na jina lenyewe. Mteja akiona nambari au jina tofauti, atajua mara moja kwamba amekosea tarakimu, naye atasema kabla hajatoka kibandani.

Kasoro ya tatu ni "ada ya kawaida". Kawaida ya nani? Bango la bei la kampuni lina safu za viwango, nalo lapaswa kuwepo. Hata hivyo, safu hizo humtaka mteja apige hesabu mbili: atafute kiasi chake kiko kati ya viwango vipi, kisha ajumlishe. Hesabu hii ya pili ndiyo inayozua ugomvi. Tuseme mama mmoja ametumiwa shilingi 3,000 na mwanawe, na salio lake ni hizo tu. Anataka zote. Kwa bei zilizoanza kutumika Julai 2023, kutoa kiasi chochote kati ya 2,501 na 3,500 hukatwa shilingi 52. Ombi lake litakataliwa, kwa kuwa angehitaji kuwa na 3,052. Anachoweza kupokea ni 2,948. Iwapo hakuambiwa mapema, zile 52 zitaonekana kuwa zimeingia mfukoni mwa wakala.

Kwa sababu hiyo, tangazo liorodheshe viasi ambavyo watu huomba mara nyingi, na liongeze salio linalohitajika:

Ukitaka 500, ada ni 29. Uwe na 529.
Ukitaka 1,000, ada ni 29. Uwe na 1,029.
Ukitaka 2,500, ada ni 29. Uwe na 2,529.
Ukitaka 3,000, ada ni 52. Uwe na 3,052.
Ukitaka 5,000, ada ni 69. Uwe na 5,069.

Chini yake pawe na sentensi mbili: "Ada hukatwa kwenye akaunti yako. Usimpe wakala ada mkononi." Sentensi hizi humlinda mteja, na humlinda wakala mwaminifu dhidi ya shutuma. Mwisho, tarehe ya bei iandikwe. Bei hizo za Julai 2023 zilitokana na ushuru wa bidhaa kupandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Zikibadilika tena, tangazo lisilo na tarehe litakuwa limegeuka uongo bila mtu kukusudia. Kila wakala anapopokea bango jipya, alilinganishe na tangazo lake mstari kwa mstari.

Kwa kuhitimisha, tangazo haliwezi kumzuia wakala mwenye nia mbaya. Linachoweza kufanya ni kumpa mteja kipimo: akiombwa nambari ya siri, au akidaiwa ada mkononi, maandishi yaliyo mbele yake yanampa haki ya kukataa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kujua iwapo tangazo limefaulu na amtafute mtu asiyewahi kutoa pesa, amwachie alisome, kisha amuulize maswali mawili: nani ataandika nambari ya siri, na utabaki na shilingi ngapi? Akijibu yote mawili bila kusaidiwa, tangazo libandikwe.