Beti ya pande mbili: hesabu ni sahihi, faida inavujia wapi?

Jumamosi jioni, kwenye avenyu za Bwiza jijini Bujumbura, vijana huketi na simu mkononi wakilinganisha odi za kampuni hii na ile. Wengi wanatafuta timu itakayoshinda. Wachache wanatafuta kampuni mbili zilizopishana bei kwenye mechi ileile, ili waweke pesa pande zote mbili na wapate faida matokeo yakiwa yoyote. Mbinu hiyo huitwa arbitraji, na wanaoinadi huiita beti ya uhakika. Hesabu yake ni ya kweli kabisa. Huo uhakika ndio wenye walakini.

Tuanze na hesabu yenyewe. Odi ni bei. Odi ya 2.00 maana yake ukiweka faranga 1,000 ukashinda, unarudishiwa 2,000. Ukigawa 1 kwa odi unapata uwezekano uliofichwa ndani ya bei hiyo, kwa 2.00 ni 0.50, yaani nusu. Sasa chukua mechi ambayo kampuni moja imeweka odi ya 1.90 kwa ova 2.5, yaani magoli matatu au zaidi, na 1.90 vilevile kwa anda 2.5, yaani magoli mawili kushuka chini. Kila upande unatoa 0.526, na jumla ni 1.053. Kile kilichozidi 1 ndicho chakula cha kampuni. Ukiweka pande zote mbili hapo, lazima upoteze.

Arbitraji huzaliwa jumla inaposhuka chini ya 1, na hilo hutokea ukichukua upande mmoja kwa kampuni moja na upande wa pili kwa nyingine. Tuseme kampuni A inatoa 2.10 kwa ova, na kampuni B inatoa 2.05 kwa anda:

1 ÷ 2.10 + 1 ÷ 2.05 = 0.476 + 0.488 = 0.964

Mwenye faranga 100,000 anazigawa kwa uwiano huo: 49,400 kwa ova, 50,600 kwa anda. Ova ikitokea, A inalipa 103,740. Anda ikitokea, B inalipa 103,730. Faida ni kama 3,700, sawa na asilimia 3.7. Kwenye karatasi hakuna pa kupotea.

Lakini karatasi inadhani beti hizo mbili ni kitu kimoja. Kumbe ni mikataba miwili, na kampuni mbili zisizojuana, kila moja ikiwa na haki ya kukata, kufuta au kuchelewesha upande wake. Upande mmoja ukilegea, unabaki na beti ya kawaida uliyoiweka kwa dau ambalo usingethubutu kuliweka.

Kikomo cha dau

Umeshaweka 49,400 kwa A. Unafungua B, unaandika 50,600, na skrini inakujibu kwamba dau la juu ni 20,000. Unaweka hizo 20,000. Sasa umetoa 69,400. Ova ikija, unapata faida ya 34,340. Anda ikija, B inakulipa 41,000 tu, na umepoteza 28,400. Arbitraji imekwisha, umebaki unaomba magoli kama mchezaji mwingine yeyote.

Wazoefu huanza na upande wenye kikomo. Wakishakubaliwa 20,000 kwa anda, malipo yake ni 41,000, hivyo upande wa ova unahitaji 19,500 tu. Mpango unasimama, ila faida imeshuka hadi kama 1,450.

Kikomo hicho pia hakikai palepale. Kampuni huwatazama wateja wanaochukua kila mara bei iliyo juu kuliko soko, na madau yasiyo ya duara kama 49,400 huziamsha zaidi. Mwaka 2017 Lisandro Kaunitz na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu mbinu inayokaribiana na hii: walilinganisha odi za kampuni nyingi na kubeti pale moja ilipotoa bei ya juu kupita kiasi. Walicheza kwa pesa halisi kwa miezi mitano na wakapata faida. Kisha kampuni zikaanza kuwapunguzia madau, hadi mbinu ikawa haina maana. Hawakushindwa na hesabu. Walishindwa kwa sababu hesabu yao ilikuwa sahihi.

Bei iliyokosewa

Kampuni nyingi hazipangi odi zenyewe. Hununua bei kutoka kwa wasambazaji wakubwa kama Sportradar ya Uswisi, kisha zinaongeza faida yao. Wanaokunywa kwenye kisima kimoja hawatofautiani sana. Kwa hiyo ukiona pengo kubwa, kwanza shuku kwamba mmoja amechelewa kubadilisha bei, au amekosea tarakimu.

Masharti ya kampuni nyingi huruhusu beti iliyowekwa kwa bei iliyokosewa waziwazi kufutwa, au kulipwa kwa bei sahihi, hata baada ya mechi. Rudi kwenye mfano wetu. Anda imetokea, umepoteza 49,400 kwa A, unasubiri 103,730 kutoka B. B inasema 2.05 ilikuwa kosa, bei sahihi ni 1.75. Unalipwa 88,550, hasara 11,450. Beti ikifutwa kabisa, unarudishiwa 50,600 zako na hasara ni 49,400 nzima. Itakubidi ufanikiwe zaidi ya mara 13 kufidia kosa hilo moja.

Dalili yake huonekana mapema. Tazama kampuni nne au tano: zote zikiwa karibu na 1.75 na moja peke yake ikiwa 2.05, hiyo moja ndiyo ya kuogopa.

Pesa inayokawia

Tuseme yote yamekwenda sawa na ova imeshinda. Pesa zako zote, 103,740, sasa ziko A, na B hakuna kitu. Huwezi kucheza tena mpaka utoe karibu nusu, ipite Lumicash au EcoCash, uiingize B. Makato ya safari hiyo yakifika 1,500, asilimia 40 ya faida imekwenda. Na mapengo mengi ni ya asilimia 1 au 2 tu. Hapo makato yanaweza kumeza faida yote. Malipo yakichukua siku 10, mtaji unazunguka mara tatu kwa mwezi.

Mara nyingi uhakiki huja siku ya kutoa, si siku ya kuweka. Aliyefungua akaunti kwa laini ya binamu yake ili kukwepa kikomo anaombwa karangamuntu, majina hayalingani, na kampuni imepata sababu ya kuzuia pesa.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Julai 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, SportPesa na Betin zikiwemo, na kampuni za simu zikaamriwa kufunga namba zao za malipo. Wenye salio ndani walilazimika kukimbilia kulitoa. Anayecheza arbitraji lazima awe na salio kwenye kampuni kadhaa kila siku, kwa hiyo hatari hiyo humkuta kabla ya mtu mwingine.

Anayekuuzia beti ya uhakika Bwiza muulize mambo matatu: kikomo cha dau cha kila upande ni kiasi gani, masharti yanasemaje kuhusu bei iliyokosewa, na pesa hufika mkononi baada ya siku ngapi na makato gani. Akishindwa kukujibu hata moja, usimpe pesa yako. Na pesa ya kodi ya nyumba au ada ya mtoto isiingie huko kabisa, hata akijibu yote.