Kisukari ndani ya chumba cha mtihani: barua ambayo mwanafunzi anafaa kuiandika mapema

Kanuni za mitihani katika vyuo vikuu kwa kawaida hukataza chakula na vifaa vya elektroniki ndani ya chumba cha mtihani. Kwa mwanafunzi mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kanuni hizo humzuia kuwa na vitu viwili anavyovihitaji ili awe salama: kipima sukari na kitu kitamu cha kula. Njia ya kulitatua jambo hili ni barua kwa ofisi ya mitihani, ikiambatanishwa na cheti cha daktari. Vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa, lakini cheti hicho wakazi wengi watakipata katika kliniki ya hospitali ya umma ya kaunti, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi huiita Makadara.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho halitengenezi insulini, kwa hivyo mgonjwa hujidunga kila siku. Insulini ikishaingia mwilini hairudi nyuma. Inaendelea kushusha sukari hata kama mwenyewe amekaa darasani bila kula. Hapo ndipo hatari ya mtihani ilipo.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayeishi Mji wa Kale na kufanya mtihani Tudor, saa 3:00 hadi saa 6:00. Anatumia insulini ya mchanganyiko, yenye sehemu ya haraka na sehemu ya polepole. Anajidunga saa 12:30 asubuhi, kisha anakula mahamri na mbaazi. Sehemu ya haraka huwa na nguvu zaidi kati ya saa mbili na saa nne baada ya sindano, yaani saa 2:30 hadi saa 4:30. Sehemu ya polepole huanza kushika kasi wakati huo ya kwanza inapoisha. Mtihani wote umeangukia katika muda ambao dawa ina nguvu. Akienda kwa miguu hadi Tudor, au akila nusu tu ya kiamsha kinywa kwa sababu ya wasiwasi, sukari itashuka zaidi.

Kipima sukari kikionyesha chini ya 4 kwa kipimo cha mmol/L, sukari imeshuka mno. Dalili za kwanza ni jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na njaa ya ghafla. Baadaye akili huzubaa: mwanafunzi husoma swali moja mara nne, mwandiko huharibika, na akiulizwa jambo hujibu ovyo. Msimamizi asiyejua anaweza kudhani kijana amelewa, au kwamba anahangaika kwa sababu ana karatasi aliyoificha.

Tiba yenyewe ni rahisi. Anapima, na kipimo kikiwa chini ya 4 anakula gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, vikorogwe kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Anasubiri dakika 15, kisha anapima tena. Kama bado iko chini, anarudia. Ikipanda, anakula biskuti chache au ndizi ili isishuke tena. Kashata na chokoleti hazifai kuwa za kwanza, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Tende hufaa, ila utamu ukibaki kwenye kidole kipimo kitasoma juu kuliko ukweli. Kidole kioshwe au kipanguswe kwa kitambaa chenye maji, kisha kikaushwe.

Hata sukari ikirudi, akili haitulii papo hapo. Huenda ikachukua nusu saa au zaidi. Kwa hivyo ombi la chakula na kipima sukari peke yake halitoshi. Muda uliopotea nao unafaa kutajwa. Nchini Uingereza, kanuni za mitihani ya shule zinatambua mapumziko chini ya usimamizi: saa ya mtahiniwa husimamishwa, kisha huendelea anaporejea. Hapati muda wa ziada wa kuandika. Anarudishiwa tu ule aliotumia kujitibu.

Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwani zote mbili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba. Mfano wake ni huu:

*Kwa Msajili wa Masomo, kupitia kwa Mkuu wa Idara.*

*KUH: OMBI LA KURUHUSIWA KIPIMA SUKARI NA VITAFUNIO WAKATI WA MITIHANI*

*Nina kisukari cha aina ya kwanza na natumia insulini kila siku. Cheti cha daktari kimeambatanishwa. Sukari yangu inaweza kushuka ghafla katikati ya mtihani, na nisipoitibu mara moja naweza kupoteza fahamu.*

*Naomba niruhusiwe kuweka mezani kipima sukari pamoja na vijikaratasi na visindano vyake, chupa ya maji, glukosi ya unga na pakiti moja ya biskuti, vyote ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo. Niko tayari vikaguliwe kabla ya kila mtihani.*

*Naomba pia kwamba nikilazimika kujitibu, msimamizi aandike saa niliyoacha na saa niliyorejea, na nifidiwe muda huo. Naomba wasimamizi wa chumba changu wajulishwe, na habari hizi zisisambazwe zaidi ya hapo.*

*Naomba jibu kwa maandishi kabla ya mitihani kuanza.*

Kila ombi ndani ya barua hii linajibu swali ambalo ofisi ya mitihani itauliza. Mfuko unaoonyesha vilivyomo na ukaguzi huondoa hofu ya udanganyifu. Kipima sukari cha kawaida huonyesha namba tu na hakihitaji simu. Mwenye kutumia kihisi cha ngozini kinachosomwa kwa simu atakuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu simu ndicho kifaa cha kwanza kukatazwa. Ni bora aombe kutumia kipima sukari cha kidole kwa siku hizo. Visindano vilivyotumika viwekwe kwenye kikopo chenye kifuniko.

Kuhusu usiri, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kuhusu jibu, Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya, na Kifungu cha 47 kinampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapoathiri haki yake. Kwa hivyo nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa itunzwe. Ombi likikataliwa kwa mdomo, mwanafunzi aombe sababu kwa maandishi, kisha akate rufaa ndani ya chuo akiwa na karatasi hizo mbili mkononi.

Kibali kikishatolewa, nakala yake iandamane na mwanafunzi kila siku ya mtihani, kwa maana msimamizi wa leo huenda asiwe wa kesho. Msimamizi naye ajue jambo moja: mwanafunzi akishindwa kumeza au akizirai, asitiliwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu, na msaada uitwe mara moja kwa nambari 999 au 112.