Rivolva au bastola ya magazini?

Mkazi wa Bunju au Chamazi anayeomba kibali cha silaha chini ya sheria ya mwaka 2015 kwa kawaida huanza kuuliza idadi ya risasi. Rivolva nyingi hubeba tano au sita kwenye silinda. Glock 17 hubeba 17 kwenye magazini. Tofauti ni kubwa, lakini huku pembezoni nyumba zimebanana, na risasi iliyokosa shabaha huishia kwa jirani. Kwa anayeanza, swali zito zaidi ni hili: ikigoma, atafanya nini?

Tuseme uko uwanja wa shabaha, umevuta kifyatulio, nyundo imegonga na risasi haikulia. Huenda imezeeka, au imekaa miaka kwenye unyevu wa pwani. Kwanza subiri sekunde 30, mtutu ukielekea kwenye shabaha, kwani baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Baada ya hapo, mwenye rivolva hufungua silinda na kuitoa risasi hiyo. Akiwa hatarini kweli hana muda huo. Huvuta tena, silinda ikazunguka na kuleta risasi nyingine. Mwenye bastola hana budi kupiga kitako cha magazini, kisha kuvuta slaidi hadi mwisho na kuiachia. Ni mikono miwili, na haifanyiki gizani kama hujaizoea.

Bastola hugoma pia kwa sababu ya mshikaji. Kifundo cha mkono kikilegea, slaidi hairudi nyuma vya kutosha na ganda hunaswa mlangoni, limesimama wima. Rivolva haijali mkono legevu, ila kifyatulio chake ni kizito, mara nyingi kama kilo tano, na wanaoanza hupiga chini ya shabaha. Nayo ikikwama kweli, kwa mfano ganda likinasa chini ya kitoa maganda, haifunguki kwa kukoki. Ni kazi ya utulivu, pengine ya fundi.

Ajali ninayoiogopa zaidi hutokea wakati wa kuondoa risasi. Mtu anakoki kwanza, risasi inaruka nje, ndipo anatoa magazini na kudhani amemaliza. Kumbe slaidi iliporudi ilipeleka nyingine chemba. Magazini itoke kwanza, slaidi ivutwe, chemba ikaguliwe kwa jicho na kidole. Kwenye rivolva unafungua silinda na matundu yote unayaona.

Kwa hiyo anayefanya mazoezi mara chache kwa mwaka ningempa rivolva. Bastola ningemwachia anayefanya mazoezi kila mwezi. Lakini rivolva ina mtego wake: mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, risasi inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu. Bastola mara nyingi hushindwa kujikoki, ikakusimamisha yenyewe. Rivolva itazunguka tu ukivuta, na risasi inayofuata inaweza kupasua mtutu mkononi mwako.